Makatibu wanne, bosi mmoja: mnafanyaje barua zote zisikike kama zake?

Karani_Mwandamizi (mleta mada)
Wakuu, habari za kazi.

Tuko makatibu wanne tunaomwandikia kiongozi mmoja. Yeye hutoa maagizo kwa mdomo, au kwa mstari mmoja wa kalamu pembeni mwa barua iliyoingia. Sisi tunaandaa rasimu, anasoma, anasahihisha, anasaini. Kwa siku ni barua kumi na tano hadi ishirini.

Wiki iliyopita mtu mmoja alipokea barua zake mbili za tarehe moja, kila moja kwa jambo lake. Ya kwanza ilianza: "Nimesoma barua yako na nimekuelewa." Ya pili ikaanza: "Ofisi inakiri kupokea barua yako tajwa hapo juu na inapenda kukutaarifu kuwa..." Yule mtu akapiga simu kuuliza ni ipi kati ya hizo ambayo bosi ameiona kweli. Bosi hakugomba. Alisema tu, "Niandikieni kama mimi."

Nimejaribu kuandika mwongozo. Umefika kurasa 14 na hakuna anayeufungua, hata mimi mwenyewe. Umejaa "tumia lugha fasaha" na "zingatia heshima". Naomba wenye uzoefu mniambie, mwongozo wa namna hii unatakiwa uwe na nini hasa?

Faili_Jekundu
Mnajisumbua bure. Tengenezeni violezo. Barua za ofisi ni zilezile kila mwaka: kukiri kupokea, kualika, kushukuru, kukataa, kukumbusha. Violezo kumi, katibu anajaza jina na tarehe. Hapo sauti haiwezi kutofautiana kwa sababu hakuna anayetunga.

Karani_Mwandamizi
@Faili_Jekundu violezo tunavyo na vinatusaidia kwa mialiko. Lakini zaidi ya nusu ya barua zetu ni majibu kwa mtu aliyeeleza jambo lake. Ukimjibu kwa kiolezo anajua kwamba hakusomwa. Ile barua ya pili iliyoleta simu ilitoka kwenye kiolezo.

Bi_Taipu
Kwetu tatizo hilihili lilikuwepo na tulilimaliza. Herufi za aina moja, ukubwa 12, Kumb. Na. kushoto, tarehe kulia, YAH kwa herufi kubwa na mstari chini yake, aya zisizoingizwa ndani. Barua zote zikawa kama zimetoka kwa mtu mmoja.

Zumaridi
@Bi_Taipu dada, anaulizia sauti ya maneno. Hayo uliyotaja ni sura ya karatasi.

Bi_Taipu
Nimeelewa, mdogo wangu. Ila jicho la msomaji hufika kwenye sura kabla halijafika kwenye sauti. Siondoi neno langu.

Mzee_Rejista
Mleta mada, kurasa zako 14 hazifunguliwi kwa sababu umeandika jinsi barua nzuri inavyopaswa kuwa. Wenzako hilo wanalijua. Wasilolijua ni jinsi *huyu mtu mmoja* anavyoandika, na hilo halitoki kichwani mwako, linatoka kwenye kalamu yake.

Anza hivi. Tafuta rasimu alizosahihisha kwa mkono. Usichukue zile alizosaini bila kugusa, maana hizo huenda alizisaini akiwa na haraka na zitakufundisha sauti ya katibu. Rasimu thelathini zinatosha. Kaa nazo na daftari, ukurasa wa kushoto uandike alichokifuta, wa kulia alichokiweka badala yake. Usieleze sababu bado. Ukimaliza, soma ukurasa wa kushoto peke yake kutoka juu hadi chini. Utaona anafuta vitu vilevile.

Badiliko lililojitokeza mara tatu, kwenye rasimu za makatibu wasiopungua wawili, liandike kuwa kanuni. Lililotokea mara moja lisubiri pembeni, pengine siku hiyo alikuwa na hasira tu. Kwa kila kanuni weka sentensi mbili halisi: iliyofutwa na iliyobaki. Mimi niliwahi kufanya zoezi hilo kwa kiongozi mmoja, nikapata kanuni tisa. Ukurasa mmoja na robo. Tuliubandika ukutani.

Karani_Mwandamizi
Mzee, shikamoo na asante. Rasimu zipo, ila tulizoea kuzichana baada ya barua safi kusainiwa. Nitapata labda ishirini na kidogo.

Mzee_Rejista
Marahaba. Kuanzia leo msichane. Kuna sanduku la karatasi? Tupeni humo. Hilo sanduku lina thamani kuliko mwongozo wenyewe.

Mwandishi_wa_Zamu
Nakubaliana na mzee, ila nadhani kuna jambo moja linalotangulia hayo yote: nani anasema. Rudi kwenye mfano wako. Barua moja inasema "nimesoma", nyingine "ofisi inakiri". Hapo kabla ya maneno kutofautiana, wasemaji wenyewe wametofautiana. Na kuna wa tatu anayejificha, yule wa "nimeelekezwa kukujulisha", anayetokea katibu anaposaini kwa niaba.

Kwetu tuliamua hivi: barua atakayosaini mwenyewe ni "mimi", mwanzo hadi mwisho. Itakayosainiwa na mwingine kwa K.n.y. ni "nimeelekezwa", na huyo anayeelekezwa asijifanye ana maoni. "Sisi" ni pale tu uamuzi ulipofanywa na kikao. Kuchanganya wawili ndani ya barua moja ni marufuku. Kanuni hiyo moja iliondoa kama nusu ya malalamiko.

Faili_Jekundu
Na barua anayosaini mwenyewe lakini jambo hajalishughulikia yeye? Ataandikaje "nimesoma" wakati hakusoma?

Mwandishi_wa_Zamu
Asomewe basi, walau kwa muhtasari. Au barua isiseme "nimesoma". "Nimepokea" ni kweli na inatosha.

Kijana_Takwimu
Mnasahau kwamba mwandishi hujulikana kwa maneno madogo kuliko makubwa. Kuna mfano maarufu: zile makala 85 za kutetea katiba mpya ya Marekani, 1787 na 1788, zilizotolewa kwa jina moja la bandia, Publius. Waandishi walikuwa wawili, Hamilton na Madison, na baadaye pakawa na ubishi nani aliandika zipi. Mwaka 1964 wanatakwimu wawili, Mosteller na Wallace, walichapisha kazi yao. Hawakuhangaika na hoja za kisiasa. Walihesabu viunganishi na vihusishi. Kuna neno moja la Kiingereza lenye maana ya "juu ya" ambalo Hamilton alilitumia kama mara 3 katika kila maneno elfu moja, na Madison karibu haligusi.

Kwa Kiswahili tunayo ya kwetu. Mmoja huandika "kuwa", mwingine "kwamba". Mmoja "aidha", mwingine "pia", wa tatu "vilevile". "Hata hivyo", "lakini", "ila". "Nakushukuru" na "ninakushukuru". Mwongozo wako uorodheshe hayo, basi.

Msomaji_Kimya
@Kijana_Takwimu sahihisho dogo. Publius walikuwa watatu. John Jay naye aliandika makala tano. Zilizokuwa na ubishi mkubwa ni 12, na hesabu za akina Mosteller zilimpa Madison zote.

Kijana_Takwimu
Ni kweli, nilimsahau Jay. Asante kaka.

Msomaji_Kimya
Na kuna jambo la kuongezea hapo linalohusu uzi huu moja kwa moja. Huyo Hamilton, kabla ya hayo, alikuwa msaidizi wa Washington vitani tangu Machi 1777, na kazi yake kubwa ilikuwa kuandika barua za mkuu huyo. Hakuwa peke yake. Walikuwepo Harrison na Tilghman na wengine, meza moja, kila mmoja na rasimu yake. Washington aliwapa vichwa vya mambo ya kusema, wao wakatunga, yeye akasahihisha. Yaani ni kazi yenu hii hasa, makatibu kadhaa kwa saini moja.

Zumaridi
Na walikuwa na mwongozo?

Msomaji_Kimya
Walikuwa naye mwenyewe chumba cha pili. Nadhani huo ndio mwongozo wenyewe.

Kalamu_Nyekundu
Naomba nipingane kidogo na Kijana_Takwimu. Mimi ni mhariri. Orodha ya "kuwa" na "kwamba" inaweza kumfanya katibu asome barua kama anatafuta chawa, barua ikatoka safi na bado isiwe ya bosi. Msomaji wa kawaida hahesabu viunganishi. Anachokisikia ni mpangilio: hapana imekuja wapi, sababu imekuja wapi, nani amebeba lawama. Ukitaka kuona sauti, chukua barua ya kukataa. Kushukuru wote tunashukuru namna moja. Kwenye kukataa ndipo kila mtu hujitokeza alivyo.

Karani_Mwandamizi
@Kalamu_Nyekundu umenigusa. Jana nilifanya hilo jaribio baada ya kusoma ushauri wa mzee, na niliyaona hayohayo. Niwape kisa.

Barua iliyoingia: kikundi kinaomba kutumia ukumbi wetu kwa mafunzo ya wiki mbili. Bosi aliandika pembeni: "Hapana, umejaa. Waombe tena Januari." Niliwapa wenzangu watatu nakala ya hiyo barua na mstari huo, kila mmoja aandike bila kumwona mwenzake.

Wa kwanza: "Ofisi imepokea ombi lenu kwa furaha kubwa. Aidha, inatambua mchango wenu. Hata hivyo, kwa masikitiko makubwa, tunalazimika kuwataarifu kuwa kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu..." Hapana ilikuja aya ya tatu.

Wa pili: "Ombi lenu limekataliwa kwa sababu ukumbi umejaa. Mnashauriwa kuomba tena Januari."

Wa tatu: "Nimepokea ombi lenu. Ukumbi umejaa kwa sasa, lakini tutawafikiria Januari."

Nikampelekea bosi zote tatu bila majina. Hakuchagua hata moja. Alichukua kalamu akaandika juu ya ile ya tatu: "Nimesoma ombi lenu. Sitaweza kuwapa ukumbi kwa wiki mlizotaja, kwa kuwa umekwisha kutolewa kwa wengine. Ratiba ya mwakani itafunguliwa Januari; mkileta ombi wakati huo litapangwa pamoja na mengine." Akasaini hapohapo.

Kalamu_Nyekundu
Angalia alichofanya. Hapana iko sentensi ya pili. Ameibeba yeye, "sitaweza", hakusema "limekataliwa" kama kwamba limekatwa na upepo. Sababu ni moja na inaweza kuthibitishwa. Masikitiko hayapo. Hapo una kanuni nne kwa barua moja.

Mzee_Rejista
Kanuni nne mtazipata zikijirudia. Kwa sasa ni barua moja. Lakini mimi nimeona kitu kingine, na ni kizito kuliko sauti. Soma tena rasimu ya tatu: "tutawafikiria Januari." Bosi alisema waombe tena. Katibu kwa nia njema ameahidi. Januari kikundi kitakuja na barua yenye saini ya kiongozi inayosema watafikiriwa, na ukumbi watakuwa wanaudai.

Ndiyo maana kwenye mwongozo wangu ukurasa wa kwanza haukuwa wa salamu wala viunganishi. Ulikuwa wa vitenzi vya ahadi, vilivyopangwa kutoka chepesi hadi kizito: nimepokea, nimesoma, nitalitazama, nitalishughulikia, nitahakikisha. Vile viwili vya mwanzo katibu yeyote anaviandika, mradi kuwe na ukweli. "Nitalitazama" lazima kuwe na tarehe kwenye shajara ya bosi. "Nitalishughulikia" lazima aliyepewa kazi hiyo atajwe kwenye faili. "Nitahakikisha" haiandikwi mpaka bosi mwenyewe ameitamka. Kabla ya hapo tulikuwa na katibu mmoja, mtu mpole sana, aliyefunga kila barua kwa "nitalishughulikia" kwa sababu alidhani ni adabu. Tulikaa miezi tukijibu watu wanaouliza limefikia wapi.

Mwandishi_wa_Zamu
Hii ya vitenzi naichukua kama ilivyo, mzee. Sisi hatukuwa nayo, na sasa naelewa kwa nini tulikuwa tunapigiwa simu za "mliniahidi".

Faili_Jekundu
Mmenishawishi kwenye vitenzi. Bado nasema violezo vilindwe kwa barua za mialiko.

Bi_Taipu
Na mianzo je? Ndugu, Mheshimiwa, Bwana, Bibi, Mpendwa, au jina tupu? Hapo ndipo wengi huumbuka. Niliwahi kuandika "Mheshimiwa" kwa mtu aliyesoma na bosi wangu shule moja. Alidhani amekasirikiwa, akaja mwenyewe ofisini kuuliza amekosa nini.

Zumaridi
Hiyo haiwezi kuwa kanuni ya jumla, maana inategemea mtu na mtu. Sisi tuna daftari la majina. Mtu, jinsi bosi anavyomwita kwenye barua, jinsi anavyomfungia, na tarehe ya barua ya mwisho. Kwa wale wa karibu tunaacha nafasi ya mwanzo na ya mwisho wazi, bosi anaandika "Ndugu yangu" na neno la kufungia kwa mkono wake, katikati tumepiga sisi. Inamchukua sekunde chache, na mpokeaji anajua karatasi ilipita mkononi mwake.

Bi_Taipu
Hilo la mkono nimelipenda. Na unaona sasa sura ya karatasi inavyosema!

Zumaridi
Haya dada, nusu pointi nakupa.

Mtoto_wa_Posta
Samahani naingilia. Mimi nadhani tatizo lenu si mwongozo, ni wingi wa mikono. Chagueni mmoja awe msomaji wa mwisho, kila rasimu ipite kwake kabla ya kwenda kwa bosi. Sauti itakuwa moja ndani ya wiki.

Mzee_Rejista
Itakuwa moja, ni kweli. Itakuwa ya huyo msomaji. Nimeona hayo: baada ya mwaka bosi akaanza kuandika kama katibu wake mkuu, kwa kuwa ndiyo lugha pekee iliyokuwa inamfikia. Na siku huyo msomaji alipougua, barua zilikaa mezani siku tisa.

Mtoto_wa_Posta
Wasomaji wawili kwa zamu basi?

Mzee_Rejista
Hiyo ni bora. Wabadilishane kila wiki, na msomaji asisahihishe jambo lisilo kwenye ukurasa wa ukutani. Akiona kitu kinamkera na hakipo ukutani, aandike pembeni tu.

Kalamu_Nyekundu
Hapo sikubaliani. Msomaji mzuri ni sikio. Ukimfunga kwenye kanuni tisa, ataruhusu sentensi mbaya kwa sababu haijakatazwa.

Mzee_Rejista
Na ukimfungulia, wenzake watatu wataandika kumridhisha yeye. Nimeishi na yote mawili, mwanangu. Lipi ni baya zaidi inategemea huyo msomaji ni nani.

Kijana_Takwimu
Swali kwa wote: vipi kama bosi mwenyewe hana sauti moja? Wangu asubuhi anaandika mistari mitatu mikavu, jioni anaandika aya ndefu zenye methali. Sahihisho zake zinapingana. Jumatatu amefuta "napenda kukujulisha", Alhamisi ameirudisha yeye mwenyewe.

Mwandishi_wa_Zamu
Tazama anamwandikia nani. Mara nyingi unayemdhania kigeugeu anabadilika kwa mpokeaji: aliye juu yake, aliye sawa naye, aliye chini, na asiyemjua. Gawa rasimu zako katika mafungu hayo manne kabla ya kuhesabu chochote.

Kijana_Takwimu
Nimejaribu kidogo sasa hivi kwa barua kumi na mbili nilizonazo hapa. Kati ya zile tisa ndefu zenye methali, nane ni kwa watu waliomzidi umri. Sikuwahi kuliona. Lakini "napenda kukujulisha" bado inarukaruka.

Mzee_Rejista
Basi hiyo iacheni irukeruke. Isiwe kanuni.

Karani_Mwandamizi
Wakuu, mrejesho baada ya wiki tatu.

Nimezitupa kurasa 14. Nilipata rasimu 23 zenye kalamu yake, na baada ya kuhesabu kwa kipimo cha mara tatu zimebaki kanuni saba. Nazitaja tatu ambazo sikuzitarajia. Anafuta "aidha" kila anapoiona, na haweki chochote badala yake, anakata sentensi tu na kuanza nyingine. Hatumii "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu". Huandika sababu yenyewe, au hukaa kimya. Na kwenye barua ya kukataa hamshukuru mtu mwishoni. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nimemnyima, halafu nimwambie asante ya nini?"

Vitenzi vya ahadi vimekaa juu kabisa, kama mzee alivyosema. Daftari la majina tumelianza, lina watu arobaini.

Halafu tukafanya jaribio. Agizo moja, rasimu nne, na barua moja ya zamani aliyoiandika mwenyewe nikaipiga upya na kuichanganya humo. Nikampa dada anayempokelea simu kwa miaka mingi, nikamwomba anionyeshe ya bosi. Alichagua ya katibu wetu mgeni, mwenye miezi miwili kazini.

Kalamu_Nyekundu
Hongera! Ina maana mwongozo umefanya kazi.

Mzee_Rejista
Au ina maana mgeni hana mazoea yake ya kuyaacha. Wale watatu wa zamani rasimu zao zilikosa wapi?

Karani_Mwandamizi
Kanuni zote walifuata, mzee, nimekagua. Yangu mimi, yule dada aliisoma mistari miwili akasema, "Hii ni yako." Nilipombana aseme ameijuaje, alisema sentensi zangu zinapumua mahali pasipo pake. Nimeziweka mbili mezani, yangu na ya mgeni, tangu jana. Zina maneno karibu idadi moja.

Kijana_Takwimu
Hesabu "kwamba" zako.

Karani_Mwandamizi
Sita. Ya mgeni ina moja.